Kuuza Gauni la Harusi Lililovaliwa: Namna ya Kueleza Vipimo, Mishono, Madoa na Historia Yake

"Gauni la harusi linauzwa, saizi 12, limevaliwa mara moja tu, lipo Moshi, bei maelewano." Tangazo kama hili huleta simu nyingi na wateja wachache. Anayelisoma yuko Sakina, Arusha. Kifua chake ni inchi 37 na nusu, harusi yake ni Desemba, na parokiani wameshamwambia mabega yafunikwe. Hakuna hata neno moja hapo linalomsaidia kuamua kama apande basi kuja Moshi. Hiyo "saizi 12" yenyewe haina maana moja: 12 ya Uingereza ni ndogo kuliko 12 ya Marekani, na magauni mengi ya harusi hukatwa madogo kuliko nguo za kawaida zenye namba hiyohiyo.

Mimi naanzia hapa: mnunuzi wa gauni lililovaliwa hanunui gauni lilivyo leo. Ananunua litakavyokuwa likishapita kwa fundi wake. Kwa hiyo tangazo linapaswa kumwambia mambo mawili: gauni liko wapi sasa, na linaweza kufika wapi. La pili ndilo karibu kila mtu anaacha kuliandika.

Nitatumia gauni moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni la dada mmoja aliyeolewa Moshi mwezi Desemba. Chini ni satini nyeupe ya krimu, juu yake neti tabaka mbili, kifuani lesi yenye stoni. Ni kata mikono, lina koseti ndani, zipu nyuma na mkia mfupi. Linabana mpaka kiunoni kisha linafunguka.

Pima gauni, si aliyelivaa

Unapouza kwa niaba ya mtu, mwenye gauni akiulizwa vipimo hutaja vya mwili wake siku ya harusi, tena kwa kukumbuka. Mshukuru, kisha uchukue tepu. Iwe tepu nzima. Zile za kitambaa zikizeeka hunyooka. Ilinganishe kwanza na rula ya chuma, na kama inchi 12 za tepu zimepita inchi 12 za rula, itupe.

Gauni laini lisilo na koseti unaweza kulilaza mezani, ukapima kutoka kwapa hadi kwapa, ukazidisha mara mbili. Lenye koseti halipimiki hivyo, kwa sababu vikombe vinainuka na vijiti havilali, na utakosea kwa inchi nzima au zaidi. Funga zipu mpaka juu, ingiza mkono ndani, upitishe tepu juu ya bitana kuanzia upande mmoja wa zipu mpaka urudi upande wa pili. Pita katikati ya vikombe, si kwenye ukingo wa juu. Pima mara mbili, na vipimo visipolingana pima tena. Gauni letu lilitoa kifua 36.

Kiuno kinapimwa hivyohivyo mahali gauni lilipo jembamba kuliko pote: 29. Hipsi kwa gauni linalofunguka tangu kiunoni hazina haja ya namba. Andika "hipsi huru". Kwa gauni linalobana mpaka magotini hali ni kinyume. Hapo hipsi ndiyo kipimo cha kwanza, kwa kuwa bibi harusi anapaswa kukaa kanisani saa nzima na kucheza ukumbini, na akikosea inchi moja hapo mshono wa nyuma unafumuka mbele ya wageni.

Urefu upimwe gauni likiwa limening'inia, kutoka mshono wa kiuno hadi pindo la mbele: 43. Nyuma, kutoka kiunoni hadi ncha ya mkia: 62. Kisha ongeza kitu ambacho tepu haiwezi kusema, yaani urefu wa aliyelivaa na kiatu alichovaa. Huyu alikuwa na futi 5 na inchi 5, kiatu cha inchi 3, na pindo la mbele lilikuwa karibu kugusa sakafu. Mnunuzi akisoma hivyo anajiona mwenyewe mara moja.

Sasa zigeuze namba hizo ziwe mwili. Koseti haivaliki kama kipimo chake ni sawasawa na mwili. Mtu anahitaji kupumua na kula pilau. Kifua cha gauni cha 36 kinamfaa mwenye kifua cha 35 mpaka 35 na nusu, akiwa amevaa sidiria atakayoivaa siku hiyo. Kiuno cha 29 kinamfaa mwenye 28 mpaka 28 na nusu. Andika vyote viwili, na useme wazi kipi ni cha gauni na kipi ni cha mwili. Ugomvi mwingi wa "uliniambia 36" unatokana na kukosekana kwa maneno hayo mawili.

Geuza ndani nje uhesabu akiba ya mshono

Hapa ndipo gauni linapojibu swali la "linaweza kuongezwa?" Fungua bitana kidogo upande wa chini, au mwombe fundi afumue inchi mbili tu ambazo ataziziba tena. Angalia mshono wa ubavuni. Kitambaa kilichobaki ndani, nje ya uzi, ndiyo akiba.

Hesabu yake ni nyepesi. Gauni lina mishono miwili ya ubavuni, na kila mshono una kingo mbili, jumla kingo nne. Kwenye satini ya gauni letu kila ukingo ulikuwa na akiba ya inchi 1. Fundi hawezi kuila yote. Lazima aache kama nusu inchi ili mshono usichanike. Kwa hiyo kila ukingo unatoa nusu inchi, mara nne, inakuwa inchi 2. Wauzaji wengi wangeandika "linaongezeka inchi 2" na kuishia hapo.

Lakini gauni hili lina tabaka mbili, na bitana ilikuwa na akiba ya robo tatu ya inchi tu. Ukiacha nusu inabaki robo, mara nne, inchi 1. Koseti imeshonwa kwenye bitana, kwa hiyo satini ikiongezeka na bitana ikabaki, gauni halijaongezeka. Tabaka lenye akiba ndogo ndilo linaloweka kikomo. Ukweli wa gauni letu basi ni inchi 1: kifua mpaka 37, kiuno mpaka 30.

Kabla hujaandika hata hiyo moja, tazama satini yenyewe kwenye mwanga. Mshono ukisogezwa nje, mstari wa zamani wa matundu ya sindano unabaki wazi, na kwenye satini hauondoki kwa pasi. Kwetu lesi ilikuwa imepita juu ya ubavu, hivyo mstari ungefichika, ila fundi angelazimika kuibandua lesi na kuirudisha kwa mkono. Kazi ipo, na inalipiwa. Iseme.

Njia ya pili ya kuongeza ni kutoa zipu na kuweka kamba nyuma. Kingo mbili za mgongo zinawekewa vitanzi, kamba inapita, na chini yake kinashonwa kipande cha kitambaa kufunika ngozi. Nafasi ya inchi 3 kati ya kingo inakaa vizuri machoni. Ukiachia tano au sita, mishono ya ubavuni inavutwa kuelekea mgongoni na lesi ya kifuani inakaa upande. Kwa njia hii peke yake, bila kugusa ubavu, gauni letu linafika kifua 39 na kiuno 32. Tatizo ni kile kipande cha kufunika: krimu ya dukani mara chache inalingana na krimu ya gauni. Fundi mjuzi hukikata kutoka kwenye tabaka la chini la mkia, mahali ambapo hakuna atakayeona pengo.

Kupunguza ni rahisi zaidi, ila nako kuna mwisho. Inchi 2 kwa jumla zinaondoka ubavuni bila shida, na tatu kwa fundi mwangalifu. Zaidi ya hapo vikombe vinasogea kwapani na kifua kinakaa kama cha kuazima. Mwenye kifua cha 31 mwambie ukweli atafute gauni lingine.

Urefu una mtego wake. Pindo la neti yetu lina lesi ukingoni, na ukilikata lesi inakwenda nalo. Gauni la namna hiyo hufupishwa kwa kufumua kiunoni na kupandisha sketi nzima, ambayo ni kazi ya siku, tofauti na pindo la kawaida la satini. Kurefusha hakuna. Mnunuzi mwenye futi 5 na inchi 8 atavaa kiatu cha chini, au hatalichukua.

Kwa upande wa mabega, makanisa mengi ya huku hayataki bibi harusi aingie mabega wazi. Gauni letu lina bolero ya lesi ya mikono mirefu inayovuliwa ukumbini, na hiyo huuza gauni kuliko hata stoni. Kama la kwako halina, andika kama ukingo wa kifua una nguvu ya kushikilia mikono ya lesi au mikanda.

Madoa: ona kabla hujaosha, andika baada ya kuosha

Likague mchana, karibu na dirisha, taa zikiwa zimezimwa. Taa ya umeme ya rangi ya njano inaficha hasa yale madoa ya njano unayoyatafuta. Anza kwapani upande wa ndani, kisha ukingo wa kifua ambako podari na faundesheni hujipaka, kisha mapajani ambako sahani na soda hukaa, na mwisho pindo. Pindo la gauni lililovaliwa huku halikosi udongo. Ule mwekundu wa mlimani, ukichanganyika na manyunyu, unaingia ndani ya uzi wa neti.

Doa la soda au shampeni ni la hila. Likikauka halionekani, mwenye gauni analikunja safi, na baada ya miezi linatokea la kahawia, kwa sababu sukari iliyobaki kwenye kitambaa hubadilika rangi kadiri muda unavyopita. Ndiyo maana swali la "limesafishwa lini?" ni zito kuliko "limesafishwa?" Gauni lililosafishwa wiki moja baada ya harusi ni tofauti na lililokaa kabatini mwaka mzima kisha likafuliwa jana ili liuzwe.

Usiguse jiki. Dawa hiyo ya klorini inaweza kuigeuza poliesta nyeupe kuwa ya njano, na hariri inaila kabisa. Pindo lifuliwe peke yake kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya maji, ukigonga kwa kitambaa cheupe bila kusugua, maana neti ikisuguliwa inafanya vinyweleo. Kwa drai klina, muulize kwanza mwenye gauni au utazame mwenyewe: stoni zimeshonwa au zimegundishwa? Zilizogundishwa zinaweza kung'oka kwenye dawa ya drai klina. Kwenye gauni letu za kifuani zimeshonwa, za kwenye mkanda wa kiuno zimegundishwa, kwa hiyo mkanda ulifumuliwa kwanza na kusafishwa kwa mkono.

Baada ya yote lilibaki doa moja la kahawia hafifu kwenye mkia, upande wa kushoto, urefu wa inchi 4. Hilo linaandikwa kwa mahali, ukubwa na rangi. Maneno kama "madoa madogo ya kawaida" yanamfanya msomaji afikirie mabaya kuliko yaliyopo. Fanya hivyohivyo kwa uharibifu: stoni 11 hazipo kwenye mkanda, na neti ya tabaka la ndani ilichanika inchi moja na nusu kwa kisigino, imeshonwa, haionekani ukilivaa.

Harufu nayo ni hali ya usafi. Lililokaa kwenye sanduku chumba kimoja na jiko la mkaa lina moshi, na manukato juu ya moshi yanazidisha ubaya. Litundike kivulini penye upepo siku mbili tatu. Baada ya hapo lihifadhi ndani ya shuka la pamba, usilirudishe kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa. Unyevu ukibaki humo, masika yakifika utakuta ukungu.

Historia: maswali ya kumuuliza mwenye gauni

"Mara moja tu" mara nyingi si uongo, ni hesabu tofauti. Dada wa gauni letu alisema mara moja. Nilipomuuliza kuhusu picha, akakumbuka kwamba wiki iliyofuata walilivaa tena kwenda kupiga picha mlimani, na ndipo neti ilipochanika. Kwa hiyo ni mara mbili: siku ya harusi, kanisani mpaka ukumbini, na saa chache za picha. Usimuulize limevaliwa mara ngapi. Muulize limevaliwa wapi na wapi.

Muulize pia lilinunuliwa jipya, la mtumba au lilishonwa. La mtumba si aibu, magauni mazuri sana yametoka soko la Memorial, lakini mnunuzi anajua kuna mvaaji mmoja asiyejulikana kabla ya huyu. Halafu uliza kama limewahi kukodishwa saluni au kuazimwa na ndugu, maana gauni la kukodisha limeguswa na mafundi wengi, na akiba ya mshono huenda imeshaliwa. Hatimaye uliza lilirekebishwa nini kabla ya harusi. Letu lilipunguzwa kiuno nusu inchi kwa mkono, na uzi huo ukifumuliwa kiuno kinarudi 29 na nusu bila gharama ya maana.

Wapo watakaokuuliza kama ndoa ya mwenye gauni ipo. Utaulizwa, jiandae. Mimi hujibu kwamba ninauza gauni, na sijawahi kumpoteza mteja wa kweli kwa jibu hilo.

Picha, kwa kifupi

Piga mchana, gauni limetundikwa, mbele, nyuma na ndani. Shika karatasi nyeupe ya A4 kando yake kwenye picha moja ili krimu ionekane kuwa krimu. Aliyenunua akitegemea nyeupe kabisa atarudisha. Piga doa kwa karibu ukiwa na tepu pembeni. Picha ya siku ya harusi inasaidia sana, lakini uwe na ruhusa ya mwenyewe na uikate kuanzia shingoni.

Tangazo la gauni letu

"Gauni la harusi, satini nyeupe ya krimu, neti tabaka mbili, lesi na stoni kifuani, kata mikono, zipu nyuma, mkia mfupi. Lina bolero ya lesi ya mikono mirefu na veli.

Vipimo vya gauni, ndani, zipu ikiwa imefungwa: kifua 36, kiuno 29, hipsi huru, kiuno hadi pindo la mbele 43, kiuno hadi ncha ya mkia 62. Linamfaa lilivyo mwenye kifua cha mwili 35 hadi 35 na nusu, kiuno 28 hadi 28 na nusu. Aliyelivaa ana futi 5 na inchi 5, kiatu inchi 3.

Marekebisho: ubavuni linaongezeka inchi 1, bitana ndiyo kikomo. Kiuno kilipunguzwa nusu inchi kwa mkono, kinafumuliwa. Likitolewa zipu na kuwekwa kamba, hadi kifua 39 na kiuno 32. Linapungua hadi inchi 3. Kufupisha ni kwa kupandisha kiunoni kwa sababu ya lesi ya pindo. Halirefushwi.

Usafi: drai klina Januari, pindo na mkanda kwa mkono. Doa la kahawia hafifu inchi 4 kwenye mkia, kushoto, picha ya sita. Stoni 11 hazipo kwenye mkanda. Mchaniko wa inchi moja na nusu neti ya ndani, umeshonwa. Kwapa safi, halina harufu.

Historia: lilinunuliwa jipya, limevaliwa harusini na siku moja ya picha. Halijakodishwa.

Lipo Moshi mjini. Kulijaribu ni kwa miadi, uso bila vipodozi, njoo na sidiria na viatu utakavyovaa. Bei 380,000, doa na stoni zimeshahesabiwa."

Sentensi ya mwisho inakata nusu ya mabishano, kwa sababu mnunuzi hawezi tena kuligeuza doa ulilomwonyesha mwenyewe kuwa sababu ya kushusha bei.

Akishakujibu

Yule dada anayeishi Sakina aliandika: kifua 37 na nusu, kiuno 31, urefu futi 5 na inchi 2. Anahitaji gauni lenye kifua cha 38 na kiuno cha 31 na nusu. Ubavuni lingefika 37 na 30 tu, hata kwa kufumua ile nusu inchi lingefika 30 na nusu, kwa hiyo halimtoshi. Kamba zinamtosha vyote viwili, na nafasi ya mgongoni itabaki chini ya inchi 3. Ubavu hauguswi, lesi haibanduliwi.

Kuhusu urefu alitaka kujua kama litakatwa inchi 3 kwa kuwa ni mfupi kwa inchi 3. Si lazima, kwa sababu sehemu ya upungufu huo iko juu ya kiuno. Mwambie asimame pembeni ya ukuta na viatu vyake, ndugu ampime kutoka kiunoni hadi sakafuni. Akapata 41. Gauni ni 43, linapandishwa inchi 2.

Mpe hesabu hiyo aipeleke kwa fundi wake apate bei ya kuweka kamba na kupandisha kiuno kabla hajatoa pesa ya kushikilia gauni. Na umuulize tarehe ya harusi. Kazi hizo mbili pamoja na kujaribisha zinataka wiki tatu za fundi asiye na haraka, na mwezi wa Desemba huku hakuna fundi asiye na haraka. Akilichukua Oktoba ana nafasi. Akija wiki ya pili ya Desemba, muulize kwanza fundi amekubali siku gani, ndipo mpange siku ya kuja kulijaribu.